"Baba yako si raia": neno la dirishani na bibi wa Newala

*Shikamoo wakili. Nimezaliwa Temeke mwaka 1988, nina duka la nguo Mbagala Rangi Tatu. Baba alizaliwa 1958 kwenye shamba la mkonge Kikwetu, Lindi. Babu alitoka Msumbiji kuja kufanya kazi mkonge, bibi mzaa baba ni wa Newala. Mama naye alizaliwa Msumbiji, ameshafariki. Tarehe 12 Mei nilifuatilia pasipoti, afisa akaniuliza asili ya babu, kisha akasema, "Baba yako si raia, kwa hiyo na wewe si raia, nenda kajaze fomu ya tajnisi." Hakunipa karatasi yoyote na cheti changu cha kuzaliwa kimebaki kwake. Kitambulisho cha NIDA ninacho. Je, nijaze hiyo fomu? Na kama nisipoijaza, kuna mahali pa kukata rufaa?*

Marahaba dada. Fomu hiyo usiijaze. Nalianza hilo kabla ya mengine kwa sababu ndilo kosa ambalo mtu akishalifanya, kulirudisha nyuma ni kazi ya miaka.

Tajnisi ni njia ya mgeni kuomba awe raia. Anayejaza fomu ile anaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba leo hii yeye si raia wa Tanzania, na karatasi hiyo inaingia kwenye faili. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, Sura ya 357, inamtaka mwombaji wa tajnisi awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na ndani ya miaka 10 kabla ya miezi hiyo awe amekaa jumla ya miaka 7. Sasa mgeni anaishi nchini kwa kibali. Niliwahi kumpokea fundi cherehani wa Tandika aliyeshauriwa kama ulivyoshauriwa wewe. Alijaza kwa nia njema kabisa, akitaka tu yaishe. Swali la kwanza aliloulizwa baada ya kuiwasilisha lilikuwa, "Kibali chako cha ukaazi kiko wapi?" Hakuwa nacho, na angekuwaje nacho mtu aliyezaliwa hapa, akasoma hapa, akapiga kura hapa? Kwa fomu ile moja alikuwa amejigeuza mtu aliyeishi nchini zaidi ya miaka 40 bila kibali, na kuishi nchini bila kibali ni kosa la jinai. Tulitumia muda mrefu kujitoa kwenye maneno yake mwenyewe kuliko tuliotumia kujibu maneno ya serikali.

Kuna sababu nyingine, nayo ndiyo mzizi wa matatizo yako yote. Raia wa tajnisi anaweza kuvuliwa uraia, lakini sheria imeweka utaratibu wa kumvua: apewe taarifa ya maandishi, aelezwe sababu, awe na nafasi ya uchunguzi kufanyika. Raia wa kuzaliwa hawezi kuvuliwa, na hilo linasikika kama ulinzi mkubwa zaidi. Ila kwa vitendo hakuna anayekwambia kwamba amekuvua. Unaambiwa hukuwahi kuwa raia. Na kwa kuwa hukuvuliwa kitu, ule utaratibu wa taarifa, sababu na uchunguzi haukuhusu. Ndiyo maana neno la afisa mmoja dirishani linaweza kukugusa wewe kuliko tangazo la Waziri linavyomgusa mtu wa tajnisi. Wala cheo hakizuii jambo hili. Mwaka 2001 Jenerali Ulimwengu, mwandishi wa habari aliyekwisha kuwa mkuu wa wilaya na mbunge, aliambiwa na serikali kwamba si raia.

Sasa tuje kwenye ukoo wako, kwa sababu naamini afisa aliuliza swali ambalo silo. Alikuuliza babu. Angekuuliza bibi.

Baba yako alizaliwa 1958, kabla ya Uhuru. Uraia wake hauamuliwi na sheria ya 1995 peke yake, unaamuliwa na kilichotokea usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Kabla ya usiku huo hapakuwa na raia wa Tanganyika. Watu waliozaliwa hapa, chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa ulioendeshwa na Mwingereza, walihesabiwa kuwa watu walio chini ya ulinzi wa Uingereza. Ilipofika Uhuru, kanuni ilikuwa hivi: kila aliyezaliwa Tanganyika na ambaye tarehe 8 Desemba 1961 alikuwa na hadhi hiyo, au alikuwa raia wa Uingereza na makoloni yake, aligeuka raia wa Tanganyika papo hapo, bila kuomba wala kujiandikisha. Palikuwa na sharti moja tu la kumtoa mtu nje: iwapo hakuna hata mmoja kati ya wazazi wake aliyezaliwa Tanganyika. Waliotolewa na sharti hilo ndio waliotakiwa kujiandikisha.

Hebu isome kanuni hiyo tena ukiwa na familia yako mkononi. Baba alizaliwa Kikwetu, Lindi, hilo limetimia. Babu alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, kwa hiyo upande wake haukusaidii. Lakini bibi alizaliwa Newala, na kanuni ilitaka mzazi mmoja, haikusema awe baba. Kama bibi alizaliwa Newala kweli, basi mtoto wa miaka 3 aliyekuwa akicheza kwenye kambi ya manamba pale Kikwetu aliamka tarehe 9 Desemba akiwa raia, na hakuna mtu aliyehitaji kumwandikisha popote. Muungano wa 1964 ulimkuta ni raia, na sheria ya 1995 inawatambua waliokuwa raia kabla ya Siku ya Muungano kuwa raia mpaka sasa. Na wewe uliyezaliwa Temeke mwaka 1988 ni mtoto wa raia.

Uangalie vizuri uzito wa jambo hili. Kwa hesabu hii huhitaji kubishana na tafsiri ya Uhamiaji hata kidogo. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Uraia, ukikisoma kama kilivyoandikwa, kinasema aliyezaliwa katika Jamhuri ya Muungano siku ya Muungano au baada yake ni raia tangu kuzaliwa, isipokuwa watoto wa mabalozi wa kigeni na wale waliozaliwa kwenye eneo lililotekwa na adui, mzazi akiwa wa upande wa adui. Kwa maneno hayo, kuzaliwa Temeke kungekutosha. Lakini Uhamiaji kwa miaka mingi wamekisoma kifungu hicho pamoja na sharti kwamba mzazi mmoja angalau awe raia. Mimi naona maneno ya sheria hayana sharti hilo, na shauri lako likifika mahakamani wakili wako aiweke hoja hii. Ila isiwe ya kwanza. Hoja ya kwanza iwe ile inayoshinda hata kwa kipimo chao wenyewe, yaani kwamba baba ni raia kupitia bibi.

Udhaifu wako uko sehemu mbili na sitakuficha. Ya kwanza ni ushahidi wa mahali alipozaliwa bibi, nitairudia mwishoni kwa sababu inakuhitaji usafiri. Ya pili ni hoja ya uraia wa nchi mbili. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia mwingine, na upande wa pili unaweza kusema kwamba baba yako aliupata uraia wa Msumbiji kupitia kwa babu, kwa hiyo wa hapa ulipotea. Hoja hiyo ikiletwa, usiijibu kwa hadithi ya ukoo. Jibu kwa kuuliza: ni hati gani inayoonyesha kwamba baba aliwahi kuandikishwa, kuomba au kutumia uraia wa nchi nyingine? Na umuulize baba mwenyewe leo, mkiwa nyumbani, kama aliwahi kuchukua kitambulisho, kadi ya kura au pasipoti ya Msumbiji, hata kwa safari moja ya kuzika ndugu. Mpe nafasi akumbuke. Mawakili tunaumbuka kwa vitu ambavyo mteja aliviona vidogo.

Kuhusu nani anapaswa kuthibitisha, kuna hukumu unayopaswa kuijua kwa jina. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, tarehe 22 Machi 2018 ilitoa hukumu katika ombi namba 012/2015, Anudo Ochieng Anudo dhidi ya Tanzania. Mlalamikaji alikuwa na cheti cha kuzaliwa na pasipoti ya Tanzania. Alikwenda kituo cha polisi Babati mwaka 2012 kwa ajili ya taratibu za ndoa, pasipoti yake ikachukuliwa kwa kushukiwa uraia. Miaka miwili baadaye alielezwa kwamba si raia, akapelekwa mpakani, Kenya nayo ikamkataa, akabaki akiishi katikati ya mipaka miwili pale Sirari. Mahakama ilisema kwamba serikali inapopinga uraia ambao mtu ameuishi tangu kuzaliwa, kwa hati ambazo serikali hiyo hiyo ndiyo iliyozitoa, mzigo wa kuthibitisha kwamba si raia ni wa serikali. Ikasema pia kwamba sheria yetu ina pengo, maana haimpi raia wa kuzaliwa njia ya kwenda mahakamani uraia wake unapotiliwa shaka, na ikaiamuru Tanzania irekebishe.

Wewe una cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa. Cheti peke yake kinathibitisha ulizaliwa wapi na nani walikuzaa, hakithibitishi uraia, na hilo maafisa watakukumbusha. Kitambulisho cha NIDA kina uzito zaidi, kwa sababu kabla ya kutolewa maombi hupita kwenye uhakiki ambao Uhamiaji wenyewe wanashiriki. Wakikuambia leo kwamba si raia, wanapingana na walichokipitisha jana, na wanapaswa kueleza ni kipi kipya walichokijua. Hapo hapo kuna hatari. Laini yako ya simu imesajiliwa kwa namba ile ya tarakimu 20 na kwa alama za vidole. Pesa za duka zinapita kwenye laini hiyo. Akaunti ya benki inafuata namba hiyo hiyo. Shaka juu ya uraia ikihamia kwenye kumbukumbu za NIDA, hutakuwa umekosa safari tu, utakuwa umefungiwa duka bila mtu kuligusa kufuli. Kwa hiyo usikae kimya ukisema, "Basi, nitaachana na pasipoti."

Sasa swali lako la rufaa. Tatizo la kwanza ni kwamba mpaka sasa huna cha kukatia rufaa. Neno la mdomo halina tarehe, halina jina, halina sababu, na siku ukifika mahakamani litakanushwa: "Hatujamkataa, tulimwomba nyaraka zaidi." Nimeisikia sentensi hiyo zaidi ya mara moja. Kazi yako ya mwezi huu ni kuligeuza neno lile kuwa uamuzi ulioandikwa, au kuligeuza kimya chao kuwa kukataa kuamua. Yote mawili yana dawa mahakamani.

Dawa ni barua. Iandike kwa Kamishna Jenerali wa Uhamiaji kupitia ofisi ile ile uliyoombea pasipoti, nakala kwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Mambo ya Ndani. Isizidi kurasa mbili. Lugha iwe ya kawaida na ya heshima, bila kumtuhumu afisa. Kiini chake kiwe kama hivi:

"Tarehe 12 Mei nilifika ofisini kwenu kufuatilia ombi langu la pasipoti namba [weka namba ya ombi]. Nilielezwa kwa mdomo kwamba baba yangu si raia na kwa hiyo ombi langu haliwezi kuendelea. Cheti changu cha kuzaliwa kilibaki ofisini. Naleta maelezo na vielelezo kwamba baba yangu, aliyezaliwa Lindi mwaka 1958 na mama aliyezaliwa Newala, alikuwa raia tangu tarehe 9 Desemba 1961. Naomba: kwanza, ombi langu liamuliwe kwa kuzingatia vielelezo hivi, pili, ikiwa limekataliwa, nipewe uamuzi huo kwa maandishi pamoja na sababu zake, tatu, kabla ya uamuzi wowote dhidi yangu nielezwe taarifa mlizonazo ili niweze kuzijibu, nne, nirudishiwe cheti changu au nipewe hati ya kukipokea. Naomba majibu ndani ya siku 21."

Siku 21 si za kisheria, ni zangu. Nimeziona zinatosha ofisi kujibu na zinakuachia wewe muda. Chapa nakala tatu. Usiitume kwa mtu na usiiache kwa mlinzi. Nenda masjala mwenyewe, wape nakala mbili, na ile ya tatu simama nayo mpaka igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Wakisema muhuri haupo, waombe waandike kwa kalamu jina, tarehe na saini. Wakikataa na hilo, rudi nyumbani uitume kwa posta ya rejesta au EMS na utunze risiti. Muhuri ule wa wino wa zambarau kwenye kona ya karatasi ndio utakaokuwa kielelezo muhimu kuliko vyote siku ya kesi, kwa sababu kuanzia hapo hakuna anayeweza kusema hakujua.

Mbona nakuambia uambatishe ushahidi wote kwenye barua, badala ya kuutunza kwa ajili ya mahakama? Kwa sababu ya namna mahakama inavyofanya kazi katika mashauri haya. Kinachopatikana Mahakama Kuu si rufaa kamili, ni mapitio. Jaji haketi kuamua kama bibi alizaliwa Newala au la. Anauliza kama afisa alikuwa na mamlaka, kama alikusikiliza, kama alizingatia yaliyo mbele yake na kuacha yasiyohusika. Kitu ambacho hakikuwahi kuwa mbele ya afisa ni vigumu kumlaumu kwa kutokizingatia. Ushahidi wa Newala ukiwa ndani ya faili lao kwa muhuri wao, na uamuzi ukaja bila kuutaja bibi hata kwa neno moja, hapo una shauri zuri.

Njia yenyewe iko katika Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 310, na kanuni zake za mwaka 2014. Kwanza unaomba kibali cha kufungua shauri la mapitio, na ombi hilo ni lazima lifike ndani ya miezi 6 tangu uamuzi. Ukipewa kibali, una siku 14 za kufungua shauri lenyewe. Watu wengi wanapotea kwenye ile miezi 6. Wanahesabu tangu barua ya mwisho waliyojibiwa, kumbe upande wa serikali unahesabu tangu siku ya dirishani. Wewe hesabu kwa ubaya wake: anza tarehe 12 Mei, kwa hiyo siku yako ya mwisho iwe tarehe 11 Novemba, hata kama tutakuja kusema uamuzi halisi ulitoka baadaye. Barua ikijibiwa kwa kukataa, unaomba uamuzi ufutwe. Barua isipojibiwa kabisa, unaomba ofisi ilazimishwe kuamua. Amri hiyo ya pili hutolewa kwa mtu aliyedai kwanza na kunyimwa, ndiyo sababu nyingine ya barua.

Utasikia pia habari ya kifungu cha 23, kwamba Waziri halazimiki kutoa sababu na uamuzi wake ni wa mwisho. Mawakili wa serikali huanza nacho. Kisikutishe, na wala usikidharau. Kifungu kile kinazungumzia mambo ambayo sheria imeyaacha kwa hiari ya Waziri, kama kumkubali au kumkataa mwombaji wa tajnisi. Uraia wa kuzaliwa haupo kwenye hiari ya mtu. Ama ulikuwa raia siku ulipozaliwa ama hukuwa, na jibu linatokana na ukweli na sheria. Pia aliyekukataa si Waziri. Na hata pale sheria inaposema uamuzi ni wa mwisho, mahakama zetu zimekuwa zikisema kwamba hilo linafunga rufaa, halifungi mapitio ya uhalali. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na chombo kinachoamua haki zake, pamoja na rufaa au nafuu nyingine ya kisheria. Unaona sasa kwamba fomu ya tajnisi ingekutoa mahali ambapo kifungu cha 23 hakikufikii na kukuingiza moja kwa moja chini yake.

Ukishinda utapata nini? Mara nyingi utapata uamuzi kufutwa na ofisi kuamriwa iamue upya baada ya kukusikiliza. Jaji hatakupa pasipoti, na hatakutangaza raia. Ofisi inaweza kukusikiliza vizuri ikakataa tena, safari hii kwa sababu zilizoandikwa. Nimeona watu wakishangilia hukumu nje ya mahakama bila kuelewa kwamba wanarudi kwenye dirisha lile lile. Mtu anayetaka mahakama itamke kwamba yeye ni raia hana budi kufungua shauri la kawaida la madai Mahakama Kuu, ambalo linahitaji notisi ya siku 90 kwa serikali na Mwanasheria Mkuu kuunganishwa. Huko ushahidi unasikilizwa, mashahidi wanahojiwa, na miaka inakwenda. Kwa hali yako ningeanza na mapitio, na ile notisi ya siku 90 ningeitoa mapema ili ikiwa itahitajika, muda wake uwe umeshapita. Ila usije ukasubiri siku 90 ziishe ukidhani zinasimamisha miezi 6. Hazisimamishi.

Nje ya nchi njia zimebaki finyu. Ile mahakama ya Arusha iliyomsikiliza Anudo ilipokea malalamiko ya mtu mmoja mmoja kwa sababu Tanzania ilikuwa imeweka tamko la kuruhusu hilo. Tanzania iliwasilisha barua ya kuliondoa tamko hilo Novemba 2019, na tangu tarehe 22 Novemba 2020 wewe huwezi tena kwenda pale moja kwa moja. Hukumu zake bado unaweza kuzitaja mbele ya jaji wa hapa kama hoja ya kumshawishi. Mahakama ya Afrika Mashariki bado inapokea watu binafsi, lakini muda wake ni miezi miwili tu tangu kitendo, yaani kwako mpaka tarehe 11 Julai, na hoja yako ingebidi ijengwe juu ya utawala wa sheria katika Mkataba wa Jumuiya. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inapokea malalamiko bila ada, inachunguza na inapendekeza. Mapendekezo yake hayamfungi mtu, lakini barua ya Tume kuuliza faili liko wapi imewahi kufanya faili lipatikane. Kama huna uwezo wa wakili, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wana huduma ya msaada wa kisheria hapa Dar.

Cheti kilichobaki ofisini kisikukoseshe usingizi. Daftari la vizazi liko RITA, si kwa afisa. Omba nakala iliyothibitishwa ya kizazi chako, na uombe ya baba pia kama alisajiliwa. Kama hakusajiliwa, ambalo ni jambo la kawaida kwa mtoto wa kambi ya mkonge mwaka 1958, usikimbilie kumsajili sasa kwa kuchelewa na kuleta cheti chenye wino mbichi. Cheti cha 1958 kilichotolewa wiki iliyopita kinaamsha maswali. Tafuta kwanza karatasi za zamani: cheti cha ubatizo, cheti cha darasa la saba, kadi ya chama, kadi ya mfuko wa pensheni. Vipande vya kazi vya babu, kama vipo, vinaonyesha familia ilikuwa Kikwetu mwaka gani. Lakini vinaweza pia kutaja alikotoka, kwa hiyo tunavisoma kabla ya kuviambatisha. Hatufichi. Babu kuzaliwa Msumbiji si aibu, na katika hoja yetu hakubadilishi chochote.

Tumalizie Newala, na hii usiichelewe. Tunachohitaji kuthibitisha si uraia wa bibi, ni mahali alipozaliwa tu. Kama alibatizwa utotoni, kitabu cha ubatizo cha misheni mara nyingi kina jina la mtoto, la wazazi, kijiji na tarehe. Nenda kwa paroko au katibu wa parokia ukiwa na majina yote ya bibi, pamoja na lile la utotoni kabla hajaolewa. Omba dondoo yenye muhuri wa kanisa na namba ya ukurasa, na upige picha ya ukurasa wenyewe ukiruhusiwa. Kama alilelewa kwenye Uislamu au hakubatizwa, basi ni mashahidi walio hai.

Na hapa watu hukosea shahidi. Humleta mwenyekiti wa kijiji wa miaka 50, aape kwamba mtu aliyezaliwa miaka ya 1930 alizaliwa pale. Ameona wapi? Hati ya kiapo inabeba kile ambacho mtu anakijua mwenyewe. Muulize baba kama bibi ana dada au kaka mkubwa aliye hai. Dada mkubwa aliyekuwa na miaka 7 au 8 siku mdogo wake alipozaliwa, akatumwa maji, akaitwa ndani kumwona mtoto, huyo ana cha kuapia. Kaa naye bila haraka. Mwache aeleze nyumba ilikuwa wapi, kisima kiliitwaje, nani alikuwa mkunga, ilikuwa kabla au baada ya vita vya Hitla. Yaandikwe hayo hayo, kwa maneno yake, usiyanyooshe. Kama anaongea Kimakonde na hasomi, hati iwe na maelezo chini yake kwamba ilisomwa kwake kwa lugha anayoielewa na nani aliisoma, kisha aweke dole gumba mbele ya kamishna wa viapo. Kama hawezi kusafiri, mpeleke wakili mpaka barazani kwake. Nauli ya wakili kutoka Mtwara mjini au Masasi ni ndogo kuliko gharama ya kufika mwezi mmoja umechelewa.